Seredani Isiyotoa Moshi Chumbani mwa Mzazi

Mvua za masika zinapokoza, wanawake wengi wa mwambao hawana budi kuhamisha mapishi. Seredani iliyokuwa uani au kwenye baraza huingizwa koridoni, kisha jikoni, na usiku ukizidi baridi huishia chumbani, makaa yake yakiwa mekundu chini ya jivu jepesi. Baada ya darasa moja la akina mama, mmoja wao alituuliza swali ambalo tumeona linastahiki kujibiwa kwa urefu. Alisema kuwa binti yake amejifungua, yumo katika arobaini, na chumba ni cha baridi. Wao huiacha seredani nje mpaka moshi uishe kabisa na makaa yawive, ndipo huiingiza na kuiweka karibu na kitanda. Je, kuna ubaya, hali ya kuwa moshi haupo tena?

Swali hili lina busara ndani yake, kwa kuwa mwenye kuuliza anajua kuwa moshi una madhara, naye amejitahidi kuuepuka. Lakini limejengwa juu ya dhana ambayo tumeikuta katika nyumba nyingi, kwamba kinachodhuru katika moto ni kile kinachoonekana na kuwasha macho. Kwa kuni dhana hiyo ina ukweli kiasi, bali kwa makaa hatari kubwa zaidi ni kitu kisichoonekana wala kunuka.

Tuyatazame makaa yenyewe. Mchoma makaa huko bara hupanga magogo, huyafunika kwa majani na udongo, kisha huyatia moto kwa kuubania pumzi kwa siku kadhaa. Katika siku hizo maji ya mti, utomvu na sehemu kubwa ya vile vitu vinavyotoa moshi hufukuzwa. Kinachobaki ni kaboni, kwa sehemu kubwa, pamoja na jivu kidogo. Kwa hivyo moshi wa makaa uliisha siku nyingi kabla ya gunia kufika mjini. Ule moshi mdogo tunaouona tunapoyawasha ni wa unyevu, wa vipande visivyoiva sawasawa, na wa karatasi au mafuta ya taa tuliyowashia. Kuisha kwake hakutuambii kitu kuhusu usalama wa makaa yaliyobaki.

Sasa, hewa inapoingia kwa tundu za chini ya seredani, hukutana na kaa la kwanza na kuungana nalo, ikawa kaboni dayoksaidi, hewa ile ile tunayoitoa vifuani mwetu. Lakini hewa hiyo haina njia ya kutokea ila kupanda juu kupitia makaa mengine yaliyo moto mkali. Humo njiani hunyang'anywa sehemu ya oksijeni yake, ikageuka kuwa kaboni monoksaidi, nayo ndiyo sumu tunayoikusudia. Mwenye kuzoea kupika amekwisha kuuona mwali mdogo wa buluu unaochezacheza juu ya makaa yaliyoshika. Mwali ule ni hewa hiyo hiyo ya sumu, inaungua inapofika juu na kukutana na hewa safi. Maadamu mwali upo, sehemu yake huteketea hapo hapo. Mwali ukizimika, makaa yakabaki mekundu yamevaa jivu, hewa huendelea kutoka bila ya kuungua, ikasambaa chumbani. Kwa hivyo ile saa ambayo seredani inaonekana imetulia, imekuwa pole, na inafaa kuingizwa ndani, ni saa ambayo haifai kabisa kuwa ndani.

Tufanye hesabu ndogo, maana watu wengi hudhani kuwa yatakiwa makaa gunia zima ndipo mtu adhurike. Chukueni chumba cha kupanga cha mita 3 kwa 3, dari yake mita 2 na nusu. Ukubwa wake ni mita za ujazo 22 na nusu. Kilo moja ya makaa ikiungua hutoa takriban gramu 200 za kaboni monoksaidi. Basi makaa ya gramu 100, ambayo ni kiganja kimoja kilichojaa, hutoa gramu 20 hivi. Gramu 20 zikitandazwa katika chumba hicho kilichofungwa, kila mita ya ujazo itapata karibu miligramu 890. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha ndani ya nyumba kisichofaa kupitwa kwa muda wa saa moja, nacho ni miligramu 35. Tumekipita zaidi ya mara ishirini kwa kiganja kimoja cha makaa.

Bila ya shaka hakuna chumba kilichozibwa kama chupa. Hewa hupenya chini ya mlango na juu ya ukuta. Tuseme basi zaidi ya nusu ya sumu imetoka, zikabaki miligramu 400. Kiasi hicho humwumiza mtu mzima kichwa ndani ya saa moja au mbili, na akiendelea kukaa humo saa tatu au zaidi maisha yake yamo hatarini. Nayo seredani ya kawaida hubeba makaa mengi kuliko kiganja kimoja, na mwenye nyumba anayehofia baridi huongeza mengine kabla ya kulala, akaziba na upenyo wa chini ya mlango kwa kitambaa.

Yafanyikayo mwilini ni haya. Ndani ya damu mna kitu chekundu kiitwacho himoglobini, ambacho kazi yake ni kuchukua oksijeni mapafuni na kuifikisha kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Kaboni monoksaidi hushikamana na himoglobini kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200. Kwa hivyo hata ikiwa chache hewani, hukusanyika katika damu kidogo kidogo, kama abiria waliokwisha kukaa vitini na kukataa kushuka, na oksijeni ikakosa nafasi. Mtu anavuta pumzi kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, wala hahisi kusongwa, na hali ubongo wake una njaa.

Watoto hupata madhara upesi zaidi kwa sababu huvuta pumzi nyingi kuliko sisi kulingana na miili yao. Mwenye mimba naye ana jambo lake. Sumu huvuka kutoka kwenye damu yake ikaingia katika damu ya mtoto aliye tumboni, na huko hutoka kwa taratibu zaidi kuliko inavyotoka kwa mama. Yawezekana mama akajihisi amepata nafuu, na mtoto wake bado yumo taabuni. Ndiyo maana mjamzito aliyevuta hewa hii hapasi kuambiwa apumzike nyumbani, hata kama amekwisha kusimama na kutembea.

Tuyaeleze yaliyotokea katika nyumba moja ya Mombasa, ambayo watu wake wametupa idhini tuyasimulie bila ya majina. Mzazi alikuwa na siku kumi na mbili tangu kujifungua. Chumbani alikuwamo yeye, mamaye aliyekuja kumlea, binti yake wa miaka saba, na mtoto mchanga. Mvua ilikuwa ikinyesha kwa upepo, dirisha moja lililokuwapo limefungwa na pazia limeshushwa. Saa mbili usiku, baada ya maji ya kukandia kuchemka koridoni, bibi aliongeza viganja viwili vya makaa, akangoja moshi uishe, kisha akaiingiza seredani na kuiweka upande wa miguu ya kitanda. Akakunja kanga kuukuu akaisukumiza chini ya mlango.

Kama saa tatu u nusu mzazi alilalamika kichwa. Bibi akamwambia ni uchovu wa kuamka usiku. Baada ya muda bibi mwenyewe akahisi kichwa kimebana kama kilichofungwa kilemba kwa nguvu, lakini hakusema, asije akamtia mwanawe wasiwasi. Binti akatapika. Wakamlaumu samaki waliyemla mchana. Mtoto mchanga, ambaye kwa kawaida hulilia ziwa kila mara, alilala moja kwa moja, na alipoamshwa anyonye hakushika. Wakashukuru kwamba usiku ule amewahurumia.

Saa tano baba wa nyumba alirudi kazini akabisha mlango. Bibi alimsikia. Alitaka kuinuka akamfungulie, na hapa ametuambia neno ambalo twataka kila msomaji alishike: akili yake ilikuwa inajua mlango uko wapi, lakini miguu haikumtii. Alianguka magoti pale pale. Hii ni katika desturi za sumu hii, kwamba nguvu za viungo huondoka kabla ya fahamu kuondoka, na wengi waliokufa kwayo wameonekana wamelala hatua chache kutoka mlangoni. Baba akausukuma mlango, kanga ikatii, akaingia. Hakunusa kitu ila joto.

Akawatoa mmoja mmoja mpaka barazani, mtoto kwanza. Majirani wakajaa. Mmoja akasema ni malaria ya msimu. Mwingine akaleta maziwa kwa kuwa alisikia neno sumu. Wa tatu akataja hasadi, kwa sababu mzazi alikuwa ametembelewa na wageni wengi wiki ile. Ikaja kuwa jirani mmoja, muuguzi, hakuuliza chochote kuhusu samaki wala wageni. Aliuliza: "Seredani iko wapi?"

Swali la muuguzi yule lilitokana na dalili ambazo kila mama anaweza kuzisoma. Ya kwanza ni kuwa wameugua watu wa umri mbalimbali kwa wakati mmoja, ndani ya chumba kimoja. Malaria haimpati bibi, binti na mjukuu kwa saa ile ile. Chakula kibovu chaweza, lakini mtoto mchanga hakula samaki. Ya pili ni homa. Kichwa, kichefuchefu, udhaifu na kizunguzungu walikuwa nazo, homa hawakuwa nayo. Ya tatu, iliyo wazi kuliko zote, ni kwamba mtu hupata nafuu akitoka nje na huzidiwa akirejea chumbani. Mama anayeumwa kichwa kila jioni ya mapishi, na asubuhi akienda sokoni kikampoa, atazame jiko lake kabla ya kununua vidonge. Nasi tunaosomewa malalamiko haya kila siku twasema kwa wazi: kabla ya kumwita mtu wa kusoma ruqya juu ya mgonjwa wa chumba chenye makaa, fungueni dirisha. Kisomo kitamkuta mgonjwa angali hai.

Wala msingoje ngozi iwe nyekundu. Wengi wamesikia kuwa aliyevuta sumu hii hugeuka rangi, akawa mwekundu. Hilo ni nadra kwa aliye hai, na juu ya ngozi nyeusi ni vigumu kulitambua.

Yanayopasa kufanywa ni machache, lakini yana mpangilio wake. Anayeingia kuokoa afungue mlango wazi kabisa kwanza, avute pumzi nje, aingie, amtoe aliye karibu, kisha atoke avute pumzi tena. Asikae ndani kuwaamsha watu kwa kuwatikisa au kuwanyunyizia maji, maana naye baada ya dakika chache atakuwa mmoja wa wanaosubiri kuokolewa. Kama mkono unafika dirishani, alifungue. Seredani itolewe, ila watu watangulie. Nje, aliyepoteza fahamu lakini anapumua alazwe kwa ubavu ili matapishi yasimwingie kooni. Asiyepumua atiwe pumzi na kubonyezwa kifua na anayejua kufanya hivyo, huku gari likitafutwa.

Maziwa hayana kazi hapa. Sumu haimo tumboni, imo ndani ya damu, imeingia kwa njia ya mapafu. Kumimina maziwa kinywani mwa aliyezimia ni kumpa jambo la pili la kumwua, kwani yatashuka mapafuni. Ndimu, tangawizi na maji ya chumvi ni vivyo hivyo.

Dawa ni oksijeni. Mtu aliyetolewa nje akavuta hewa ya kawaida, nusu ya sumu iliyomo damuni hutoka kwa muda wa saa 4 hadi 5 hivi. Akivalishwa hospitalini barakoa ya oksijeni tupu, nusu hiyo hutoka kwa takriban saa moja hadi moja u nusu. Tofauti hiyo ya saa ndiyo sababu ya kumpeleka hospitali mtu ambaye "ameshaamka". Na mnapofika, semeni maneno haya wazi: tulikuwa na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa. Yasemeni hata msipoulizwa. Kile kidude kinachobanwa kidoleni kupima oksijeni hakiwezi kutofautisha himoglobini iliyobeba oksijeni na iliyobeba sumu hii. Zote mbili hukionekania nyekundu, kikaandika namba nzuri. Bibi wa nyumba ile alipimwa akaonyesha 98, na miguu yake bado haimchukui. Bahati njema daktari alikwisha kuelezwa habari ya seredani, akampa oksijeni bila ya kuitazama namba. Kipimo cha kweli ni cha damu, nacho si kila kituo kinacho, kwa hivyo maelezo ya jamaa ndiyo tegemeo.

Wote wanne walipona, alhamdulillahi, mjamzito hakuwamo. Lakini mambo hayakuisha usiku ule. Katika wiki ya tatu binti yule, aliyekuwa amehifadhi sura fupi kadhaa, alianza kuzichanganya aya alizokuwa akizisoma vizuri, akawa mwepesi wa kulia na mzito wa kujibu. Mwalimu wake wa madrasa alidhani ni uvivu. Madaktari wanajua kuwa sumu hii huweza kumrudia mtu kwa namna hii baada ya siku au wiki kadhaa, kwa kusahau, kubadilika tabia, au kuyumba katika kutembea, ijapokuwa alionekana amepona. Alirudishwa hospitali, akafuatiliwa, na hali yake ikaanza kutengenea baada ya miezi. Walimu wenzetu, mtoto aliyekuwa hodari akibadilika ghafla, ulizeni kwanza nyumbani kumetokea nini kabla ya kuinua sauti.

Turejee kwenye swali la yule mama, kwa upande wa sheria. Imepokewa katika Bukhari na Muslim kwamba Mtume wetu (S.A.W.) alikataza moto kuachwa ukiwaka majumbani watu wanapolala. Imepokewa pia kuwa nyumba moja ya Madina iliungua usiku na watu wake wakiwamo, naye alipopewa habari alieleza kuwa moto ni adui wa watu na akaamuru uzimwe wakati wa kulala. Mtu anaweza kudai kuwa makataza hayo ni kwa hofu ya nyumba kuungua, na kwamba seredani iliyovaa jivu, ikiwekwa mbali na pazia, haiunguzi. Imamu Nawawi aliijadili hoja ya namna hii kuhusu taa zinazotundikwa, akaona kuwa zikiaminika hazidhuru basi sababu ya makatazo imeondoka. Sisi tunaichukua kanuni hiyo hiyo na kuitazama seredani. Sababu ni madhara kwa waliolala, na madhara katika makaa ya chumbani hayajaondoka, bali yamejificha. Kwa hivyo jibu letu kwa mama yule ni kwamba haifai, hata kama hakuna moshi, hata kama kitanda ki mbali, na hata kama nia ni kumpa mzazi joto.

Mzazi ahitaji joto, hilo hatulipingi. Lakini joto lisilo na sumu lipo. Maji yaliyochemshwa nje yatiwe katika mpira wa maji ya moto au chupa ngumu zenye vifuniko, zizongwe kanga ili zisimwunguze, ziwekwe miguuni pake. Nguo nzito, soksi, na blanketi la pili vyatosha kwa baridi ya pwani yetu, ambayo kwa haki si baridi ya milimani.

Kuna hila ambazo watu hutumainia, nazo tuzipitie kwa haraka. Beseni la maji kando ya jiko halinyonyi sumu hii, kwa kuwa haiyeyuki majini ila kidogo mno. Kitunguu kilichokatwa hakifanyi lolote. Kulala kitandani juu badala ya mkekani, au mkekani badala ya kitandani, hakusaidii, maana uzito wake ni karibu sawa na wa hewa ya kawaida nayo huchanganyika chumba kizima. Chandarua huzuia mbu tu. Na lile jiko lenye kuta za udongo ndani ya bati, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980, lina sifa ya kula makaa kidogo, na kupunguza makaa kunapunguza sumu. Sifa hiyo ameipata kwa ajili ya mfuko wa mwenye jiko, haimaanishi kuwa sasa lafaa kulalwa nalo.

Wazee wetu hawakujua jina la kaboni monoksaidi, lakini nyumba zao zilipangwa kana kwamba wanajua. Katika majumba ya mawe ya Lamu jiko liliwekwa juu kabisa, kwenye kidari cha meko, ambako upepo wa bahari hupita. Katika nyumba za makuti na udongo jiko lilikuwa uani. Sisi tumehamia vyumba vya kupanga na fleti ambazo jikoni mwake mna dirisha la ukubwa wa sinia, tukaichukua seredani ya uani tukaja nayo.

Anayeweza kutoka, atoke: barazani, juu ya sakafu la ghorofa, au chini ya kibanda cha mabati kilichoachwa wazi pande mbili ili mvua isiingie na hewa ipite. Asiye na pa kutokea kabisa, na lazima apike ndani, afungue mlango na dirisha vilivyo pande zinazokabiliana, kwa sababu dirisha moja peke yake aghlabu haliipi hewa njia ya kupita. Awashe nje mpaka makaa yashike, watoto wasichezee humo, asimbebe mtoto mgongoni huku akipepea, na chungu kikiiva tu jiko litoke. Maharagwe na makande, ambayo hukaa motoni kwa saa nyingi, yarowekwe usiku kucha ili saa hizo zipungue. Kichwa kikianza kugonga, hiyo si ishara ya kumaliza haraka, ni ishara ya kutoka papo hapo.

Ramadhani ina hatari yake peke yake. Wako wanaofunika makaa ya futari kwa jivu ili yadumu mpaka daku, wasihangaike kuwasha upya saa kumi usiku. Makaa yaliyofunikwa jivu huungua pole pole kwa hewa haba, na huko kuungua kwa hewa haba ndiko kunakozaa sumu. Familia nzima imelala, mlango umefungwa, saa saba. Chakula cha daku kitiwe kwenye chupa ya kuhifadhi joto, au kiliwe kimepoa.

Na chetezo? Hatukusudii kuwanyima akina mama udi na uvumba wao. Lakini makaa ya chetezo ni makaa. Vipande vya gramu 30 vikiteketea katika chumba kile cha hesabu yetu, hutoa gramu 6 za sumu, na hizo zikisalia humo ndani ni zaidi ya miligramu 260 kwa kila mita ya ujazo. Basi chumba kifukizwe kikiwa hakina mtu, chetezo kitolewe, madirisha yafunguliwe kwa muda, ndipo bibi harusi au mzazi aingie. Harufu hubaki kwenye nguo na mapazia, sumu hutoka. Mtoto mchanga asiachwe amelala katika chumba kinachofukizwa, hata kwa dakika za kwenda kuitikia mlango.

Limebaki la makaa yanayosalia, ambayo kwa bei ya leo hakuna anayetaka kuyatupa, na kwa kweli hiyo ndiyo sababu inayowafanya wengi wayaache yajifie ndani. Chukueni bati la mafuta au la rangi lililosafishwa, lenye kifuniko kinachobana. Makaa yatiwe humo kwa koleo, huko huko nje, kifuniko kishindiliwe. Yakikosa hewa yatazimika, na kesho yatawashika upesi kuliko mapya. Msiyamwagie maji ndani ya seredani ya udongo, kwa kuwa udongo wa moto hupasuka na mvuke huunguza mikono. Bati nalo lilale nje, si chini ya meza ya jikoni, kwa sababu mpaka kaa la mwisho lipoe ndani yake bado linatoa kile kile tulichokitoa chumbani.